Ofa mbili za kazi mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu zoezi la tunu

Maswali haya yanarudi kila mara mtu wa Lubumbashi anapokuwa na barua mbili za kazi mezani na siku chache za kujibu. Mfano unaotumika ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mama mhasibu anayekaa Katuba. Si mtu fulani. Nimemtunga kutokana na hali zinazofanana sana hapa kwetu, na tarakimu zake ni za mfano tu.

## Mambo ya kwanza

Zoezi la tunu ni nini hasa?

Ni kazi ya karatasi na kalamu. Unaandika tunu zako, yaani mambo machache unayoyathamini katika kazi na maisha, unayashindanisha mawili mawili hadi ujue lipi liko juu ya lipi, kisha ndipo unazileta zile ofa na kuuliza kila moja inayatendeaje hayo mambo.

Usitarajie litakuambia "chukua hii". Ukimaliza utakuwa na vitu viwili: utajua kila ofa itakuumiza wapi, na utakuwa na maswali matatu au manne ya kwenda kuuliza kabla hujatia saini. Mara nyingi ni yale maswali yanayoamua.

Si niangalie mshahara tu, basi?

Kama mengine yote yanalingana, ndiyo, angalia mshahara. Lakini ofa mbili za hapa kwetu hazilingani hivyo. Moja ni ya mgodini, Kolwezi au Fungurume, kwa kampuni kubwa au kwa kampuni ndogo inayofanya kazi chini yake: pesa nzuri, kambi, majuma kadhaa mbali na nyumbani. Nyingine ni ya mjini: duka la jumla, benki, shule, kliniki, pesa kidogo na unalala kwako. Ukizipima kwa mshahara peke yake, ya mgodini inashinda kila mara, na hilo ulilijua kabla hujakaa chini. Jinsi ya kuupa mshahara nafasi yake halali iko katika swali la "Mshahara nao ni tunu?"

Linachukua muda gani?

Jioni mbili. Ya kwanza kwa kutafuta na kupanga tunu, ya pili kwa kupima ofa. Usiyafanye yote usiku mmoja. Ukishachoka utaanza kuandika unachotaka kusikia.

Nilifanye kabla ya kusoma barua za ofa au baada?

Kabla. Na kama umeshazisoma, kama ilivyo kwa karibu kila mtu, zifunge kabatini hadi mpangilio wako uwe umeandikwa na kutiwa tarehe. Mtu akishapenda ofa fulani moyoni, mkono wake unaandika tunu zinazoivalisha nguo nzuri. Aliyevutiwa na gari la kampuni ataandika "uhuru wa kutembea" wala hatajua ametoa wapi.

Kuna njia ya kujikamata. Tazama tunu zako tatu za juu: je, zote zinatimizwa vizuri na ofa ileile moja, bila hata moja kulalamika? Inawezekana ikawa kweli, lakini mara nyingi ni dalili kwamba ulianza na jibu. Rudi kwenye swali linalofuata na uanze upya kutoka kwenye matendo yako.

## Kuzipata tunu zako

Nitajuaje tunu zangu ni zipi?

Usianze na maneno mazuri, anza na yaliyotokea. Chukua karatasi, uandike majibu ya maswali matatu. Miezi miwili iliyopita, pesa na muda uliobaki baada ya chakula, nyumba na minervali ya watoto vilikwenda wapi? Ni lini mara ya mwisho kazi ilikukasirisha hadi ukaifikiria usiku? Na ni lini ulirudi nyumbani umechoka lakini umeridhika?

La pili ndilo lenye utajiri. Hasira ya kazini karibu kila mara inaonyesha kitu unachokithamini kimekanyagwa. Mhasibu wetu aliandika: "Bosi aliniambia nisaini bono ya kupokea mali, na mali sijaiona. Nilikataa, tukanuniana juma zima." Hapo hakuna haja ya kutafuta neno kubwa. Tunu yake ni kutotia saini hesabu asizoziamini.

Kwenye pesa na muda aliandika kwamba kila akipata kitu kidogo anapeleka matofali kwenye kiwanja chake upande wa Kasapa, na kwamba mara kadhaa aliamka usiku kumwangalia mama yake, ambaye ana sukari na wanaishi naye. Kwenye kuridhika aliandika siku aliyofunga hesabu za mwaka kwa mfumo wa uhasibu wa OHADA bila kuitiwa mtu wa kumsaidia.

Kwa nini "familia" au "heshima" haitoshi?

Kwa sababu hutaweza kuipima. Ofa zote mbili zitadai zinalisha familia: moja kwa pesa, nyingine kwa kukuwezesha kula bukari mezani na watoto. Tunu inayokubaliana na kila kitu haikusaidii kuchagua chochote.

Iandike kama tendo linaloweza kuonekana katika juma la kawaida la kazi. "Familia" ikawa "kulala nyumbani". "Heshima" ikawa "neno langu kusikilizwa kabla uamuzi wa kitengo haujatoka". "Usalama" ikawa "mshahara kuingia tarehe ileile kila mwezi". Kipimo chake ni hiki: mtu wa nje akikaa nawe siku tano, angeweza kusema ndiyo ipo au hapana haipo? Kama asingeweza, sentensi bado ni ya mawinguni.

Naweza kutumia orodha iliyoandaliwa tayari?

Kwa kuhakiki, ndiyo, ila si kwa kuanzia. Wataalamu wametengeneza kadhaa. Milton Rokeach, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa na orodha mbili za tunu 18 kila moja, na alimtaka mtu azipange kwa nafasi badala ya kuzipa alama, kwa sababu ukiruhusiwa kuzipa alama utazipa zote alama za juu. Shalom Schwartz, mwaka 1992, alizikusanya katika makundi 10 na kuyapanga kwenye duara: yaliyo jirani yanaelewana, yanayotazamana yanagombana. Kwa mfano, kutafuta mafanikio yako binafsi kunakabiliana na kujitoa kwa ajili ya wengine.

Wazo la duara lina faida moja kubwa kwako: linakuambia usishangae tunu zako zikivutana. Anayetaka kumtunza mama yake na pia kupanda cheo hajachanganyikiwa. Ana tunu mbili zinazotazamana, kama watu wengi.

Ziwe ngapi?

Sita. Kwa sita utafanya mashindano 15, kazi ya nusu saa. Kwa kumi ni 45, na ukifika katikati utakuwa unajibu bila kufikiri.

Za mhasibu wetu zilikuwa hizi: kutosaini asichokiamini (tuiite *saini*), kulala nyumbani (*nyumbani*), mshahara wa tarehe moja (*uhakika*), kumaliza nyumba ya Kasapa (*ujenzi*), kujifunza kazi ngumu zaidi ya hesabu (*kujifunza*), na neno lake kusikilizwa (*sauti*).

## Kuzipanga

Nazishindanishaje?

Chukua mbili kwa wakati mmoja na ujiulize swali lilelile: "Kazi moja ikinipa hii vizuri na kuninyima ile, na nyingine ikafanya kinyume chake, nitachukua ipi?" Andika mshindi. Sare hairuhusiwi. Ukimaliza jozi zote 15, hesabu kila tunu imeshinda mara ngapi.

Usiulize "ipi ni muhimu zaidi?" Swali hilo linaleta jibu la kanisani, yaani lile ambalo mtu mwema angepaswa kutoa. Ukiuliza habari ya kunyimwa, unajibu kama mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Mhasibu wetu alipata: saini 5, nyumbani 3, uhakika 3, ujenzi 3, kujifunza 1, sauti 0. Jumla 15, kwa hiyo hakuruka jozi. Lakini tatu zimefungana katikati, na hapo ndipo penye habari.

Tunu zangu zimefungana, au zinazunguka. Nimekosea?

Hapana. Angalia walivyoshindana hao watatu. Nyumbani ilishinda uhakika. Uhakika ulishinda ujenzi. Kisha ujenzi ukaishinda nyumbani. Huo ni mduara, na mduara karibu kila mara unamaanisha tunu moja imebeba mambo mawili, nawe ulifikiria moja kwenye jozi hii na jingine kwenye jozi ile.

Alipojiuliza vizuri, aligundua kwamba kwenye jozi ya kwanza neno "kulala nyumbani" lilimpa picha ya mama yake akizidiwa usiku. Kwenye jozi ya mwisho alifikiria jioni za watoto, na kwa watoto moyo ulikuwa umetulia: mume wake ni mwalimu, anarudi mchana, anawasimamia masomo, na nyumba ikiisha watoto hao hao watapata chumba chao. Alikuwa tayari kuzitoa jioni za watoto kwa ajili ya ujenzi. Usiku wa mama hakuwa tayari kuutoa.

Basi akaigawa: *mama* (kuwepo mtu wa kumfikisha hospitali mama akizidiwa) na *jioni* (kuwa na watoto jioni). Akarudia jozi zinazozihusu hizo mbili tu. Mduara ukafunguka: saini, mama, uhakika, ujenzi, jioni, kujifunza, sauti.

Tazama pia jinsi tunu ya mama ilivyoandikwa. Inasema "kuwepo mtu". Haisemi "kuwepo mimi". Sentensi hiyo aliipigania, kwa kuwa aliona haya kuiandika, lakini ndiyo kweli: mdogo wake wa kike, anayeishi komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, ana uwezo wa kuhamia kwake. Kama angeandika "mimi", ofa ya Kolwezi ingekufa hapo hapo bila sababu.

Mshahara nao ni tunu?

Pesa ni njia. Andika kile inachokwenda kununua: nyumba ya Kasapa, deni la mazishi, ada ya chuo ya mdogo wako. Ukiandika "pesa" tu, itashinda jozi zote bila kukuambia kitu.

Ila kuna kipimo kimoja kizuri cha pesa, na hiki kifanye mwishoni. Chukua ofa yenye mshahara mkubwa na uushushe kidogo kidogo kichwani hadi uone huitaki tena. Ofa ya Kolwezi ilikuwa dola 1,400 kwa mwezi mkononi, ya mjini 750. Alijiuliza: ingekuwa 1,200, ningekwenda? Ndiyo. 1,100? Ndiyo, kwa shingo upande. 1,000? Hapana, kwa elfu moja nabaki. Kwa hiyo kwake kukaa kambini kuna bei ya dola 250 hadi 350 kwa mwezi juu ya kazi ya mjini, na Kolwezi wanampa 650. Kwa upande wa pesa na jioni za watoto, Kolwezi ilishinda kwa haki kabisa.

Kabla ya kushusha, hakikisha unalinganisha pesa inayobaki. Kambini chakula na kitanda ni vya kampuni. Mjini kuna transpo ya kila siku na chakula cha mchana. Upande wa pili, ukienda kambini kuna mtu wa kumlipa au kumlisha nyumbani. Na uliza jambo hili bila aibu: mshahara umeandikwa kwa dola, je, unalipwa kwa dola, au kwa franga, na kwa kiwango cha nani? Kiwango cha ofisini kikiwa chini ya cha mtaani, mshahara wako umeshapunguzwa kabla hujauona.

## Kuzipima ofa

Naipimaje kila ofa?

Sasa toa barua kabatini. Kwa kila tunu, andika sentensi moja juu ya kila ofa, kisha pembeni yake andika ushahidi wako ni wa aina gani: *nimeona*, *nimeambiwa* au *nadhani*. "Nimeona" ni kilichoandikwa kwenye mkataba au ulichoshuhudia kwa macho. "Nimeambiwa" ni neno la mtu anayefanya kazi humo. Maneno ya mkuu wa wafanyakazi siku ya mahojiano nayo ni "nimeambiwa", na ya daraja la chini, maana kazi yake ni kukuvuta.

Utashangaa "nadhani" zilivyo nyingi. Kila "nadhani" iliyo kwenye tunu zako tatu za juu inageuka kuwa swali la kwenda kuuliza. Zilizo chini ziache. Si lazima ujue kila kitu.

Niweke alama na kujumlisha?

Mimi sishauri. Wapo wanaopenda jedwali lenye alama na jumla chini, na linapendeza macho. Ubaya wake ni kwamba mambo madogo matano yakijumlishwa yanaweza kulizamisha jambo kubwa moja. Ofa inayokupa sauti, mafunzo, gari, ofisi yenye kipoza hewa na wenzako wacheshi inaweza kuizidi kwa alama ile ambayo haitakudai saini ya uongo. Na alama zenyewe, nne au tano, umezitoa hewani.

Soma kutoka juu badala yake. Tunu ya kwanza: kuna ofa inayoivunja? Kama ipo, imeanguka, isipokuwa inaweza kurekebishwa kwa mazungumzo. Kama hakuna, shuka kwenye ya pili. Ukifika ya nne na ofa zote bado zimesimama, basi pesa na ladha yako viamue.

Naomba nione mfano hadi mwisho.

Ofa ya Kolwezi: kampuni ndogo inayouhudumia mgodi, CDD, yaani mkataba wa muda maalumu, ya mwaka mmoja, majuma matatu kambini na moja nyumbani, dola 1,400. Ofa ya mjini: depo ya dawa, CDI, yaani mkataba usio na tarehe ya mwisho, siku sita kwa juma huku Jumamosi ikiishia mchana, dola 750.

Juu kabisa kwenye *saini* aliandika "nadhani" pande zote mbili. Hakuna mkataba utakaoandika "tutakulazimisha kusaini uongo". Basi akauliza swali lisilomtia mtu hatiani: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa, na naweza kuongea naye?" Depo walisema mhasibu wao amestaafu, wakampa namba. Mzee alimwambia kazi ni nyingi, mishahara ni midogo, lakini hakuwahi kuguswa saini yake.

Kolwezi walisema mtu wao "alipata nafasi kwingine". Kupitia rafiki wa kanisani alimfikia. Yule alisita, kisha akasema: "Dada, mwisho wa mwezi wanaleta bono za mafuta na vipuri, wewe unasaini, mali utaiona siku nyingine. Ukichelewa, simu zinaanza."

Kwenye *mama*: mdogo wake alikubali kuhamia, kwa hiyo Kolwezi ilisimama. Akauliza pia habari ya matibabu. Sheria ya kazi ya Kongo inamdai mwajiri amtibu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto, lakini mzazi kwa kawaida hayumo, na hakuna kati ya ofa zile iliyomhesabu mama. Hapo zikalingana. Kwenye *uhakika*: wafanyakazi wawili wa depo walisema mshahara unaingia kati ya tarehe 28 na 30, kwa dola. Wa Kolwezi wanalipwa mgodi ukishailipa kampuni, na mgodi ukichelewa nao wanachelewa.

Kwenye *ujenzi*: Kolwezi, mbali sana. Hilo hakuna wa kulipinga.

Alichukua depo. Nyumba ya Kasapa itasimama kwenye lenta kwa muda mrefu kuliko alivyopanga, na hilo bado linamuuma. Zoezi halikumwondolea hasara hiyo, lilimwonyesha tu anailipia nini. Na kama yule aliyemtangulia angesema "huko hesabu ni safi", ningemshauri achukue Kolwezi bila kusita, kwa tunu zile zile na mpangilio ule ule.

Nikikosa mtu wa kumwuliza?

Mwulize mwajiri aeleze utaratibu, usimwulize tabia. "Hati ya malipo inapita kwa nani na nani kabla haijafika kwangu?" Anayejua kazi yake atakujibu mtu kwa mtu. Anayejibu "sisi hapa ni familia moja" hajakujibu. Andika "nadhani" na uihesabu kama hatari.

## Hali ngumu

Wakubwa wa familia wameshaamua. Nifanyeje?

Tofautisha mambo mawili: tunu zako zinazowahusu wao, na tunu zao. Kumtunza mama ni tunu yako. Mjomba kupata wa kumtaja mbele ya wenzake kwamba yuko mgodini ni tunu yake, wala si dhambi, lakini haiingii kwenye orodha yako.

Mwenzi wako ni habari nyingine. Kila mmoja afanye zoezi peke yake, kwenye karatasi yake, kisha mzifunue pamoja. Mkilifanya kwa sauti mezani, wa kwanza kusema atakuwa ameshaandika karatasi zote mbili.

Kwa wakubwa, nenda na sentensi moja iliyokamilika, si na karatasi. Mjomba akisema, "Mtoto wangu, kazi ya mgodi inakataliwa?", jibu linaweza kuwa: "Mjomba, nimekusikia. Pesa yao ni nzuri. Aliyenitangulia ameniambia walimdai saini za mali asiyoiona, na siku ya ukaguzi jina litakalosomwa ni langu." Wazee wetu wanaelewa vizuri sana habari ya jina.

CDD na CDI: niitazameje tunu ya uhakika?

Wengi huandika "CDI ni salama, CDD si salama" na kuishia hapo. Tazama vizuri zaidi. Kwa sheria ya kazi ya 2002, CDD haizidi miaka miwili, na haizidi mwaka mmoja ikiwa mfanyakazi ana ndoa na ametenganishwa na familia yake. Inaweza kurudiwa mara moja tu, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa. Kwa hiyo anayekupa CDD ya miaka mitatu kambini, na mke wako yuko Lubumbashi, anakupa karatasi isiyolingana na sheria. Hiyo nayo ni habari juu yake.

CDI nayo ina mlango wake. Kipindi cha majaribio lazima kiandikwe, na kwa mtu mwenye ujuzi kinaweza kufika miezi sita. Miezi hiyo uhesabu kwamba bado hujaipata hiyo CDI. Kama uhakika uko juu kwenye orodha yako, tazama mambo matatu kwa ofa zote: urefu wa majaribio, tarehe halisi ambazo wenzako walilipwa miezi iliyopita, na kama michango ya hifadhi ya jamii ya CNSS inapelekwa kweli. Mwenye CDD anayelipwa kwa tarehe anaweza kuwa na uhakika kuliko mwenye CDI anayedai miezi minne.

Wanataka jibu kesho asubuhi.

Fanya toleo fupi usiku huu: tunu tatu, jozi tatu, na simu moja kuhusu ile ya kwanza. Asubuhi omba siku mbili kwa maneno ya kazi: "Nimeipokea ofa yenu kwa furaha. Naomba nisome mkataba, nitawajibu Alhamisi saa nne." Mwajiri wa kweli hutoa siku mbili. Anayekataa hata hizo, na hataki mkataba utoke ofisini, andika chini ya "nimeona".

Nimegundua tunu yangu ya juu ni cheo. Naona aibu.

Iache hapo juu. Ukiificha itachagua yenyewe ukiwa hutazami, kisha utaipa jina la "kuhudumia jamii". Iandike kama tendo: unataka kuongoza watu wangapi, au kusaini hadi kiasi gani, ndani ya miaka mingapi? Kisha iulize kila ofa.

Karatasi inasema moja, moyo unasema nyingine.

Usiitupe karatasi, wala usiunyamazishe moyo. Tafuta kilichokosekana. Jiambie, "Nimeshaichagua ya mjini, imekwisha," na ukae na hilo siku moja bila kumwambia mtu. Ukiona unasikitika, jiulize unasikitikia kitu gani hasa. Mara nyingi litatokea jambo ambalo halikuandikwa: uchovu na bosi wa sasa, hamu ya kuondoka mtaani, hofu ya kushindwa. Likiwa tunu, liingize na ushindanishe tena. Likiwa hofu, liandike pembeni kwa jina lake, maana hofu haishindanishwi na tunu.

Ofa zote mbili zinavunja tunu ya kwanza.

Basi una njia tatu: kubaki na ulichonacho, yaani kazi ya sasa au biashara yako, kuomba sharti libadilishwe kwa maandishi kabla ya kusaini, au kuingia kwa muda unaojulikana. Ukichukua ya tatu, andika tarehe ya kutoka na kiasi unachotaka kuwa nacho siku hiyo, na ujue masharti ya kuondoka. Kwenye CDI, taarifa ya mwajiri ni siku 14 za kazi pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika, na ya mfanyakazi ni nusu ya hapo, isipokuwa mkataba una masharti bora zaidi. CDD ni ngumu zaidi kuivunja katikati bila kudaiwa fidia, kwa hiyo kwa anayeingia akijua atatoka, mkataba mfupi unafaa kuliko mrefu.

Nimwambie mwajiri kwamba nilifanya zoezi hili?

Hapana haja. Mpelekee maswali, karatasi ibaki kwako.